MAONI YETU: KAMPANI INAPOTOA ONYO LA FAIDA



Mara nyingi kwenye meza ya mapatano wajumbe wetu huambiwa kwamba hakuna nyongeza ya mshahara, kwa kuwa kampani imetoa "onyo la faida" na hisa zake zimeanguka sokoni. Neno hilo likisha kutajwa, wengi hunyamaza. Hawalijui vizuri, nao hawapendi kuonekana wajinga mbele ya wahasibu wa tajiri. Kwa hiyo leo tunataka kulifungua neno hili kama mtu afunguavyo mzigo, ili kila mmoja aone kilichomo. Si kila onyo ni hila ya tajiri, wala si kila onyo maana yake ni njaa. Mtu anayelielewa hujua lini ni haki kuogopa, na lini ni haki kuuliza maswali.

Tutatumia mfano mmoja tu, nao ni kampani ya Apple ya Marekani, itengenezayo simu ziitwazo iPhone. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019 hisa zake zilianguka karibu sehemu moja katika kumi. Tumeichagua kwa sababu hesabu zake zilitangazwa wazi, na kwa sababu mambo yale yaliishia kortini, na walioshitaki walikuwa mifuko ya pensheni ya wafanya kazi kama sisi.

KADIRIO NA ONYO

Kampani ambayo hisa zake huuzwa sokoni ina wenyewe wengi, nao hawakai ofisini kuona kazi inavyokwenda. Kwa hiyo kampani nyingi za Marekani hutangaza kila miezi mitatu kadirio la miezi mitatu inayokuja. Husema: tunatazamia kuuza mali ya kiasi fulani, na matumizi yatakuwa kiasi fulani. Kadirio hilo ni kama saa za gari moshi zilizobandikwa ukutani pale stesheni. Mwenye mizigo, mwenye teksi, na mama auzaye chai, wote hupanga siku yao kwa saa zile. Gari likichelewa saa mbili huenda halina ubovu wowote mkubwa, lakini wote waliopanga kwa saa ile wamepata hasara. Kushusha kadirio ndiko kufuta saa ya kwanza ukutani na kuandika nyingine iliyochelewa.

Onyo la faida ni ndugu ya jambo hilo, lakini si lile lile. Hapa Kenya, kanuni za masoko ya mitaji za mwaka 2002 ziliagiza kwamba kampani iliyo katika soko la hisa itangazie watu ikiona faida ya mwaka itapungua kwa asilimia 25 au zaidi kuliko faida ya mwaka uliotangulia. Angalieni tofauti. Onyo la Kenya hulinganisha mwaka huu na mwaka jana. Kadirio lililoshushwa la Marekani hulinganisha hali ya leo na maneno ambayo kampani yenyewe iliyasema jana. Kampani yaweza kushusha kadirio huku bado inapata faida nono. Na kampani ya hapa ambayo faida yake imepungua kwa asilimia 24 haifungwi na kipimo kile, hata kama kazini kila mtu ameona mambo yamelegea.

Kwa hiyo swali la kwanza la mjumbe ni hili: faida imepungua kuliko nini? Kuliko mwaka jana, au kuliko matumaini ya wakubwa? Hayo ni mambo mawili, na mshahara haulipwi kwa matumaini.

MAWINGU KABLA YA MVUA

Tarehe 1 Novemba 2018 Apple ilitangaza kwamba katika miezi mitatu ya kumalizia mwaka ilitazamia kuuza mali ya dola bilioni 89 mpaka 93. Bilioni ni milioni elfu moja. Siku ile ile wakubwa walisema kwamba tangu hapo hawatatangaza tena idadi ya simu walizouza, bali fedha tu. Mkuu wa kampani, Bwana Tim Cook, aliulizwa juu ya nchi ambazo biashara imekuwa ngumu. Alitaja nchi kama Uturuki, Uhindi, Brazili na Urusi, akasema kwamba Uchina hangeiweka katika kundi hilo.

Kesho yake hisa moja ilishuka kutoka dola 222.22 mpaka 207.48. Wanunuzi waliona kadirio ni dogo kuliko walivyotumaini, na hawakupenda kufichwa idadi ya simu. Hii ni dalili ya kukumbuka. Tajiri akiacha ghafula kuonyesha hesabu aliyokuwa akijivunia miaka yote, mara nyingi ni kwa sababu hesabu ile haitampendeza tena.

Halafu tarehe 12 Novemba ilitoka habari kutoka mahali pengine. Kampani iitwayo Lumentum, ambayo huuza vipande vya taa za leza vinavyotiwa katika simu, ilishusha kadirio lake la mauzo kutoka dola milioni 405 mpaka 430, ikaandika milioni 335 mpaka 355. Sababu iliyotoa ni kwamba mteja wake mmoja mkubwa ameiomba ipunguze sana mali ya kumpelekea. Haikumtaja kwa jina, lakini soko zima lilijua ni nani. Siku ile hisa za Lumentum zilipoteza karibu theluthi moja ya bei yake, na zile za Apple zikashuka kwa asilimia 5.

Tazameni jinsi habari inavyosafiri. Mwenye duka kubwa bado amenyamaza, lakini fundi anayemletea mbao ameambiwa asilete nyingi. Wafanya kazi ndio huona mambo haya mapema kuliko soko: zamu za usiku zimeondolewa, malipo ya saa za ziada yamekwisha, malori yamesimama uwanjani, vibarua hawaitwi. Dalili ya mvua ni mawingu. Mjumbe mwenye busara huandika mambo hayo katika daftari pamoja na tarehe zake, maana siku onyo litakapotoka ataweza kuuliza wakubwa walijua tangu lini.

BARUA YA JIONI

Miezi ile mitatu ya Apple ilikwisha tarehe 29 Desemba 2018. Siku nne baadaye, tarehe 2 Januari 2019, soko la New York lilipokwisha kufungwa jioni, Bwana Cook alitoa barua kwa wenye hisa. Alisema mauzo hayatafika bilioni 89, achilia mbali 93. Yatakuwa kama bilioni 84. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 2002 kwa kampani ile kushusha kadirio namna hiyo.

Barua ilieleza sababu. Kubwa ilikuwa Uchina, ambako biashara ilipungua kuliko walivyodhani. Pia watu wa nchi nyingine hawakubadili simu zao kwa wingi kama zamani. Bei ya dola ilikuwa juu. Makampani ya simu yalikuwa yamepunguza msaada wa kumlipia mteja sehemu ya bei. Tena mwaka 2018 Apple yenyewe ilikuwa ikibadilisha betri kuukuu kwa dola 29 badala ya 79, na mtu mwenye betri mpya aliona simu yake ya zamani bado inamtosha.

Kwa nini barua ilitolewa jioni? Kwa sababu habari nzito ikitoka katikati ya biashara, mwenye kuisoma dakika ya kwanza humnyang'anya yule ambaye hajaisoma. Soko likiwa limefungwa, watu hupata muda wa kusoma na kufikiri. Lakini ulinzi huu una upande wake mbaya, kama tutakavyoona.

ASUBUHI YENYEWE

Soko lilipofungwa tarehe 2 Januari bei ya hisa moja ilikuwa dola 157.92. Usiku kucha madalali walikusanya amri za kuuza. Mabwana wa mahesabu katika mabenki walifuta makadirio yao wakaandika mapya. Asubuhi, kabla ya kengele, soko hukusanya amri zote za kuuza na za kununua, likatafuta bei ambayo kwayo mali nyingi zaidi itapata mwenyewe. Asubuhi ile bei iliyopatikana ilikuwa dola 143.98.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wao hudhani bei hushuka ngazi kwa ngazi, 157, 156, 155, na mtu mwepesi aweza kuruka mapema. Sivyo. Bei ya mchana wa jana na bei ya kwanza ya asubuhi hazikuwa na ngazi kati yake. Mtu aliyemwachia dalali amri ya kuuza bei ikishuka mpaka 150 hakuipata 150. Bei ilipofunguliwa ilikuwa imekwisha kupita hapo, na hisa yake iliuzwa kwa kama 144. Habari ya usiku haimngojei mtu mlangoni.

Jioni bei ilisimama kwenye 142.19. Upungufu ni dola 15.73 kwa kila hisa, yaani karibu asilimia 10. Mtu mwenye hisa 100 alilala akiwa na dola 15,792, na siku iliyofuata alikuwa na dola 14,219. Ukizihesabu hisa zote za kampani, zilizokuwa kama bilioni 4.7, thamani iliyopotea ilizidi dola bilioni 70 kwa siku moja. (Msomaji akitazama orodha za bei za leo ataona bei ya siku ile imeandikwa 35.55. Hiyo ni kwa sababu mwaka 2020 kila hisa moja iligawanywa kuwa nne.)

KWA NINI KIDOGO KILILETA KIKUBWA

Mtu atauliza: mauzo yalipungua kwa bilioni 5 chini ya kadirio la chini, nayo ni kama asilimia 6. Mbona bei ilishuka kwa asilimia 10?

Sababu ya kwanza ni kwamba anunuaye hisa hanunui miezi mitatu, hununua miaka mingi ijayo. Akiona watu wanakaa na simu zao kwa muda mrefu zaidi, hapunguzi hesabu ya Desemba peke yake. Hupunguza ya mwaka ujao, na wa tatu, na wa nne. Upungufu mdogo wa leo, ukiutandaza juu ya miaka yote ile, unakuwa mkubwa.

Sababu ya pili ni gharama zisizopungua. Chukueni kiwanda kidogo kinachouza mali ya shilingi 100. Kodi ya nyumba, mashine na mishahara ya kudumu ni 50. Mali ghafi ni 30. Faida ni 20. Sasa mauzo yamepungua kwa asilimia 8, yamekuwa 92. Mali ghafi itapungua pamoja nayo iwe 27.60, lakini ile 50 haipungui. Faida iliyobaki ni 14.40. Mauzo yamepungua kwa asilimia 8 tu, lakini faida imepungua kwa asilimia 28. Basi katika hesabu ya Kenya kiwanda hiki kimekwisha kuvuka mpaka wa asilimia 25, ingawa mbele ya macho ya mpita njia kazi inaendelea kama jana. Mjumbe auelewe mfano huu vizuri, maana hapa ndipo tajiri hutazama ile 50, na ndani ya ile 50 imo mishahara yetu. Onyo la namna hii hufuatwa upesi na maneno ya kupunguza watu.

Sababu ya tatu ni imani. Kampani ambayo kwa miaka mingi haijakosa neno lake huuzwa kwa bei yenye imani ndani yake. Ikikosa mara moja, imani ile hutolewa katika bei.

FEDHA ZILIZOPOTEA ZILITOKA WAPI?

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Zile bilioni 70 na zaidi hazikutoka katika sanduku la Apple. Hakuna hata senti moja iliyotoka kazini siku ile kwa ajili ya bei kuanguka. Hisa zilizouzwa asubuhi ile zilipita kutoka mkono wa mtu mmoja mpaka mkono wa mwingine, na kila muuzaji alipata mnunuzi. Kilichobadilika ni bei ambayo watu walikubali kulipa.

Tarehe 29 Januari 2019 kampani ilitoa hesabu kamili. Mauzo yalikuwa dola bilioni 84.3, kama barua ilivyosema. Mwaka uliotangulia, katika miezi ile ile, yalikuwa bilioni 88.3. Na faida? Karibu dola bilioni 20, iliyolingana karibu sawa na ile ya mwaka uliotangulia. Siku ya pili bei ya hisa ilipanda kwa asilimia karibu 7, na mwisho wa mwaka 2019 hisa moja ilikuwa dola 293.65, zaidi ya mara mbili ya bei ya siku ile ya hofu.

Hatusemi kwamba kila kampani hurudi hivyo. Ziko nyingi ambazo onyo la kwanza lilikuwa mlango wa onyo la pili na la tatu, na mwisho milango ikafungwa. Tunasema tu kwamba bei ya hisa na sanduku la fedha ni vitu viwili. Tajiri akija mezani na karatasi ya soko la hisa, aambiwe kwa adabu: "Bwana, hiyo ni bei. Tunaomba kuona faida, na fedha zilizoko benki."

Na mjumbe akisoma onyo, atazame sababu yake. Sababu ya kupita, kama bei ya dola au mali iliyochelewa kufika bandarini, huja na kuondoka. Sababu ya kukaa, kama wateja kutohitaji tena mali ile, haiondoki kwa barua. Kama onyo limetaja sababu sita na hazina hesabu, mjumbe aulize ni ipi kati yao ilikula fedha nyingi. Barua ya Apple ilisema wazi kwamba upungufu wote chini ya kadirio ulitoka katika simu. Kampani iliyotafuta ukweli inaweza kujibu. Inayoficha itarudia habari za hali ya hewa na hali ya dunia.

PENSHENI KORTINI

Mwaka 2019 Apple ilishitakiwa huko Kalifornia. Mshitaki mkuu hakuwa tajiri wa New York, bali mfuko wa pensheni wa Norfolk, jimbo la Uingereza, ambamo wafanya kazi wa serikali za mitaa huweka akiba ya uzee wao. Walidai kwamba Bwana Cook aliposema tarehe 1 Novemba kuwa Uchina haimo katika kundi la nchi zenye shida, kampani ilikuwa ikijua biashara huko imeanza kulegea, na kwamba waliozinunua hisa kati ya siku hizo na barua ya Januari walilipa bei isiyo ya haki. Kampani ilikana kosa. Hata hivyo mwezi wa Machi 2024 ilikubali kulipa dola milioni 490 ili kesi iishe.

Mfundishe mtoto jambo hili moja katika kesi ile: kukosea kadirio si hatia, kwa maana hakuna mtu aijuaye kesho. Kinachopelekwa kortini ni kuambia watu maneno mazuri huku moyoni unajua mabaya. Kwa sababu hiyo tarehe ndizo zina nguvu. Nani alijua, na alijua siku gani?

Wengine watasema habari hizi ni za Wazungu na matajiri, sisi hatuna hisa. Sivyo, ndugu. Akiba zetu za uzeeni, katika mfuko wa taifa na katika mifuko ya kazini, sehemu yake imewekwa katika hisa za soko la Nairobi. Onyo la faida likitoka, mfanya kazi wa kampani ile hupigwa mara mbili: kazi yake inatikisika, na akiba yake inapungua siku moja. Wajumbe waliomo katika kamati za pensheni wana haki ya kuuliza ni hisa za kampani ngapi zilizomo mfukoni mwao, na kama fungu kubwa limewekwa katika kampani moja, hasa ile ile inayowaajiri wanachama.

Kwa hiyo onyo likitangazwa mahali pako pa kazi, usikimbie wala usinyamaze. Uliza: faida imepungua kuliko nini? Ni kitu gani hasa kilichoipunguza, nacho ni cha kupita au cha kukaa? Fedha zilizobaki ni kiasi gani? Na wakubwa walijua tangu siku gani? Andika majibu, uyalete tawini, tuyasome pamoja kabla ya kurudi mezani.

Mhariri